Naombeni ushauri: meseji ya pole kwa mwenzangu kazini isisomeke kama tangazo la redio

Mhasibu_Moro
Wakuu habari za jioni. Kuna dada wa stoo tunakaa naye ofisi moja mwaka wa nne sasa, amefiwa na mama yake jumamosi, msiba uko Mahenge na wengi hatutaweza kufika. Kwenye grupu la ofisi watu kama 30 wameshaweka "poleni sana Mungu awatie nguvu", mimi bado maana naona haitoshi. Nimeandika hivi nikaishia kuifuta:

"Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mama yako mpendwa. Natoa pole kwako na familia nzima katika kipindi hiki kigumu. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina."

Nikosoeni tafadhali.

Jembe255
Toa hayo mambo ya Mungu na peponi, ndo yanafanya isomeke kama imekopiwa. Andika ya kwako tu.

Katibu_Mstaafu
Jembe umegusa nusu. Mimi nimeandika salamu za rambirambi za ofisi miaka mingi, dua sio tatizo. Mfiwa akiwa Muislamu usipoanza na Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un ataona umeruka kitu. Mkatoliki ukimwambia raha ya milele umpe ee Bwana, moyo wake unaitikia wenyewe. Ila mlokole kuwa makini, wengi wao hawaombei marehemu, huyo muombee yeye faraja. Kwahiyo mwanangu dua ibaki, iwe moja na iwe ya dini yake.

Kilichokufelisha ni "nimepokea taarifa", hiyo ni lugha ya barua. Na "marehemu", mama yake ana siku chache tu tangu aondoke we ushamuita marehemu, kwake bado ni mama. Sasa niambie, huyo mama unamjua kwa lipi?

Mhasibu_Moro
Sijawahi kumuona. Ila dada kila saa saba mchana alikuwa anampigia wanaongea Kipogoro wanacheka mpaka ofisi nzima inacheka bila kuelewa. Na akirudi likizo anatuletea karanga, anasema mama kasema zigawiwe sawa sawa.

Katibu_Mstaafu
Basi meseji unayo. Na kazini kuna kitu gani kinamsubiri?

Mhasibu_Moro
Hesabu ya stoo ya mwisho wa mwezi, nimeshaifunga mimi jana.

Katibu_Mstaafu
Kama ni Mkatoliki mwandikie hivi:

"Dada, pole sana kwa kuondokewa na mama. Sikuwahi kumuona lakini kila saa saba nilikuwa namsikia akikuchekesha, na karanga zake tumekula wote. Raha ya milele umpe ee Bwana. Hesabu ya mwezi nimeifunga, usiwaze ofisi. Usihangaike kujibu."

Umeona, sijaweka "ukihitaji chochote niambie", mfiwa hana nguvu ya kufikiria akuombe nini, we mwambie ulichokwisha kufanya. Na usiweke "najua unavyojisikia", wala "amepumzika na mateso", hayo wafiwa wayaseme wenyewe wakitaka.

mama_wa_wawili
Kweli kabisa. Mimi nilipofiwa na baba meseji zilikuwa nyingi siikumbuki hata moja, isipokuwa ya mlinzi wetu, aliandika "mzee wako alinisalimia kwa jina langu ile siku alipokuja". Bado ninayo kwenye simu.

Tajiri_Mdogo
Sasa rambirambi shilingi ngapi? Elfu kumi inatosha?

mama_wa_wawili
Kaka hajauliza hela.

Kijana_wa_Kaunta
Samahani nadandia uzi. Kwangu ni furaha, jamaa kapandishwa cheo, nafasi tuliomba wote wawili. Nimeandika "Hongera sana kaka, hakika unastahili, Mungu akuinue zaidi". Naimaanisha kweli lakini naogopa ataona najikaza.

Katibu_Mstaafu
Hilo "unastahili" likitoka kwako litasomeka kama unajifariji. Taja kitu alichofanya ukakiona kwa macho yako.

Kijana_wa_Kaunta
Mwezi wa tatu mfumo ulizima, alibaki na wateja mpaka saa mbili usiku.

Katibu_Mstaafu
"Hongera kaka. Ile siku mfumo umezima ukabaki na wateja mpaka saa mbili usiku, nilijua wewe utafika. Jumatatu nakuletea faili la madeni tulianze pamoja." Hapo amejua umempokea kama kiongozi wako.

Jembe255
Mi ningemwambia wazi kwamba na mimi niliitaka hiyo nafasi, anajua tayari, kukaa kimya ndo kunaleta ubaridi.

Katibu_Mstaafu
Hilo mwambie uso kwa uso, kwenye maandishi hasikii sauti yako.

Jembe255
Sikubaliani bibi, wengine uso kwa uso ndo tunashindwa kabisa.

Mhasibu_Moro
Nimetuma, inboksi sio grupu. Bibi, kwenye grupu niweke pia au nikae kimya?

Katibu_Mstaafu
Weka "pole dada" tu, wenzako wasikuhesabu haupo. Halafu akirudi kazini, hiyo siku ya kwanza ikifika saa saba, usimuache mezani peke yake.