Nimepewa kichwa tu, "Feri ya Mwisho", na mwenye kazi hasemi zaidi. Nianzie wapi?

Kalamu ya Kuze

Assalaam aleikum ndugu na dada. Naomba ushauri kwa wanaoandikia watu hadithi kwa malipo.

Juzi nimepokea ujumbe kwenye simu: "Niandikie hadithi. Kichwa, Feri ya Mwisho." Basi. Hakusema ni ya watoto au ya watu wazima, ni kurasa ngapi, wala itasomwa wapi. Nusu ya pesa ametuma hapo hapo, kwa hiyo hanitanii.

Kinachoniumiza ni kwamba nimeshateleza pande zote mbili. Mwaka jana mwingine alinipa kichwa hivi hivi, nikamrudishia maswali saba. Alijibu mawili, kisha kimya mpaka leo. Aliyemfuata sikumuuliza kitu, nikakaa wiki mbili nikaandika maneno 4,000 ya mapenzi yaliyovunjika. Kumbe alitaka ya kumsomea mwanawe kabla ya kulala. Hakuna hata aya moja iliyookoka.

Hii nimeianza kwa nafsi ya kwanza: kijana amefika Likoni usiku, amekata tiketi, anakimbilia feri ya mwisho asiachwe. Niendelee au nisimame nimuulize?

Mpiga Kasia

Dada, feri ya Likoni haina ya mwisho. Inavuka usiku kucha, ila usiku zinapungua, ukikosa moja unangoja. Na anayevuka kwa miguu hakati tiketi, wanaolipa ni wenye magari. Ukitaka kuvuka, njoo saa yoyote utavuka.

Kalamu ya Kuze

Shukran kaka, mimi sivuki, naandika hadithi. Lakini hiyo tiketi naifuta sasa hivi. Nimezaliwa hapa na bado nimeiandika, aibu.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, nimesahihisha insha miaka mingi, tangu mtihani wa darasa la nane ulipokuwepo mpaka ulipofanywa mara ya mwisho 2023. Mtoto alipewa kichwa na dakika 40, na hakuwa na wa kumuuliza. Kanuni ilikuwa moja: kisa kikijibu kichwa, umepita. Kwa hiyo usiulize. Andika, na feri ionekane tangu sentensi ya kwanza. Anza na methali, upambe lugha, mtu ataona thamani ya pesa yake.

Mhariri wa Usiku

Shikamoo Mwalimu. Kwamba aandike bila kungoja, nakubaliana nawe. Methali mwanzoni nitaiacha. Ukifungua kwa methali, msomaji anakaa kusubiri funzo, na hadithi yote italazimika kwenda kulilipa. Kadhalika ukifungua kwa "hapo zamani za kale", umeshamwambia ni ngano. Kalamu hajui bado kama ni ngano. Mwanzo wake usimfunge.

Sasa dada, tuje kwako. Nimehariri hadithi za kusomwa redioni kwa miaka 11 na nyingi zilifika hivyo, kichwa kitupu. Aliyekupa kichwa hakukupa kitu kidogo. Kitazame neno kwa neno. "Feri" imekupa mahali. "Ya mwisho" ndilo neno linalofanya kazi, na lina njia tatu: ya mwisho usiku huo, ya mwisho kabisa kabla feri zenyewe hazijaondolewa, au ya mwisho kwa mtu fulani, yaani yeye hatavuka tena. Huyu Mpiga Kasia amekufungia njia ya kwanza bila kujua. Msomaji wa Mombasa akisoma kijana anakimbilia feri ya mwisho atasema huyu mwandishi hajawahi kuvuka. Ya pili inadai mambo makubwa, miaka mingi ya baadaye, watu wengi. Inabaki ya tatu, nayo ni tukio moja, watu wawili, usiku mmoja.

Hapo urefu umejipanga wenyewe. Kichwa kinachotaja dakika moja ya maisha hakihitaji maneno 4,000. Andika 800, yawe hadithi nzima yenye mwisho, isiwe kipande cha kuonja. Atayasoma mpaka chini akiwa amesimama foleni. Akitaka zaidi, kuongeza tukio la pili ni kazi ya siku moja. Kupunguza 4,000 kuwa 800 ni kuandika upya, na hilo umeshalionja.

Pwani Huru

Maneno 800 kwa mtu aliyekwisha kulipa nusu? Mimi ningejiona namdhulumu.

Mhariri wa Usiku

Ndiyo maana unamwambia ni andiko la kwanza, na marekebisho yamo ndani ya bei ile ile. Utakuwa umemdhulumu ukimpa mengi asiyoyataka.

Binti Makadara

Mimi naona nafsi ya kwanza ndiyo rahisi. Unaandika kwa "ni", akisema hataki unageuza "ni" kuwa "a", umemaliza. Mimi hufanya hivyo.

Halafu tia jini! Usiku, bahari, feri, watu wa huku wanapenda.

Mhariri wa Usiku

Binti, jaribu na hii: "Nilimwona akishuka ngazi. Akanitazama, nikamtazama, kisha akageuka." Sasa geuza "ni" iwe "a" kama ulivyosema: "Alimwona akishuka ngazi. Akamtazama, akamtazama, kisha akageuka." Nani kageuka? Kiswahili chetu kinawavika watu wote "a" ile ile. Nafsi ya kwanza inakuficha tatizo hilo, kisha siku ya kugeuza linakurukia katika kila sentensi yenye watu wawili.

Anza upande wa pili. Andika kwa nafsi ya tatu, lakini uwe begani kwa mtu mmoja, usiingie moyoni mwa mwingine. Waite kwa kazi zao: mzee, utingo, mama wa mikate. "Mzee akamtazama. Utingo naye hakuondoa macho." Kutoka hapo kwenda nafsi ya kwanza ni kumwondoa mmoja tu na kumvika "ni".

Na hiyo "a" yetu ina neema yake. Haisemi mwanamume wala mwanamke. Ukimwita msafiri wako "abiria", unaweza kufika mwisho wa hadithi bila kulitaja. Akikuambia "nilitaka awe dada yangu", unagusa neno moja au mawili.

Jini sikatai. Ila akitokea kwenye aya ya kwanza, hadithi imeshakuwa ya majini na hairudi. Weka abiria ambaye hakuna anayemsalimia. Anayetaka jini atamwona jini, anayetaka mgeni atamwona mgeni. Na sababu ya safari, iwe ni kuhama, mapenzi au msiba, ichelewe mpaka aya mbili za mwisho. Akitaka uigeuze, unageuza hizo mbili na feri yote nyuma yake inabaki ilivyo.

Pwani Huru

Hapo naona hatari. Ukiacha kila kitu wazi hivyo, si itakuwa uji usio na chumvi? Mtu hakulipa apewe chombo kitupu ajaze mwenyewe.

Mhariri wa Usiku

Kweli kabisa, na nimeshawahi kuharibu hadithi kwa njia hiyo. Mimi huipima hivi: nafuta kichwa, najaribu kubandika kingine. Kama ingeweza kuitwa "Basi la Asubuhi" na isidhurike, imelegea, narudi kazini. Hata aya mbili za mwisho lazima uchague. Mpe sababu moja, useme waziwazi. Kuchelewesha si kukwepa.

Mama Wawili

Naingilia kidogo. Mimi ni wa Mtongwe. Nilipoona kichwa hiki kwenye simu nilikaa chini. 1994, mwezi wa nne, feri ilipinduka hapa kwetu na watu zaidi ya 270 wakafa. Shangazi yangu alikuwemo. Kwetu "feri ya mwisho" ni ile. Huyo mtu aliyekosa maneno ya kuongeza huenda hakosi maneno, huenda hayatoki. Dada, tafadhali usimwandikie mapenzi ya sinema kabla hujajua.

Kalamu ya Kuze

Mama, pole sana, Mungu amrehemu shangazi. Wallahi sikulifikiria hilo na lilipaswa kunijia mapema kuliko yote. Mhariri, sasa nimuulize?

Mhariri wa Usiku

Mama Wawili amesema jambo zito kuliko yangu yote. Mimi bado nisingemuuliza "je, ulifiwa?", maana ama atajifunga, ama utakuwa umemtonesha. Ningeandika ambayo mwenye msiba anaweza kuisoma bila kuumizwa: feri inafika ng'ambo salama, na asiyerudi harudi kwa sababu yake mwenyewe. Kisha chini ya hadithi, si juu yake, unaweka mistari miwili. Juu utakuwa umemwelekeza asome vipi. Chini umwambie ulichochagua, na umwachie njia fupi ya kukurudisha.

Mwalimu Mstaafu

Mimi ningeuliza. Mtu mzima huulizwa kwa adabu naye hujibu.

Mama Wawili

Mimi nisingependa kuulizwa kwenye simu. Labda ana kwa ana.

Kalamu ya Kuze

Siku nne baadaye. Nimeandika, maneno 830. Utingo kijana wa Likoni, saa nane usiku, anamsaidia abiria mmoja kushusha sanduku la mbao. Watu wengine wako upande wa pili wa sitaha, hakuna anayemsemesha abiria huyo. Maji ni dakika chache tu, nikajitahidi zisizidi. Wanapofika ng'ambo abiria anampa ufunguo wa nyumba ya Kibokoni, anasema ameiuza, hana tena sababu ya kuvuka. Nimejaribu kubandika "Basi la Asubuhi", haikukubali, kwa sababu utingo anabaki chomboni na anarudi mjini na ufunguo. Chini nikaweka haya:

"Nimeisoma feri ya mwisho kama safari ya mwisho ya mtu anayeacha mji wake. Nimeiandika fupi, kwa macho ya utingo. Kama wewe ulikuwa na feri nyingine moyoni, niambie hata kwa neno moja, nitaigeuza."

Leo alfajiri amejibu: "Nzuri. Abiria awe mama. Na sanduku lisiwe zito."

Mama nimeshamweka, ni maneno matatu tu yaliyoguswa. Sanduku ndilo linanishinda. Utingo anamsaidia kwa sababu ni zito, likiwa jepesi hana sababu ya kumkaribia.

Mama Wawili

Alibebe tu bila kuombwa. Akishalinyanyua ndipo ajue kwamba ni jepesi.

Kalamu ya Kuze

Nalirudia sasa hivi.