Mrejesho: Tangazo lilisema 85,000, barua ikaja na 70,000

Niliuliza: "Tangazo lilisema Mhasibu Mwandamizi, 85,000 kabla ya makato. Barua ya ajira inasema Mhasibu Msaidizi, 70,000. Nimwambieje afisa wa uajiri bila kuikosa kazi?"

Jamani, asanteni. Sikusaini, wala sikupiga simu. Nilitaka jibu la maandishi. Kwanza nilihakikisha 70,000 si ile ya mkononi, yaani baada ya PAYE, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba. Barua ilisema wazi: kabla ya makato. Tangazo lilikuwa limeshaondolewa mtandaoni, bahati nilikuwa nimelipiga picha siku ya kutuma maombi. Nikaiambatisha na kuandika:

"Habari ya asubuhi, Bi. Nashukuru sana kwa barua. Naona cheo na mshahara vinatofautiana na tangazo nililoomba, nimeliambatisha. Huenda ni kosa la uchapaji. Naomba unithibitishie kipi ni sahihi kabla sijasaini."

Hilo la "uchapaji" sikuliamini hata kidogo, ila lilimpa mlango wa kutokea.

Alinipigia saa nane mchana. Cheo, kweli, kilinakiliwa kutoka barua ya mtu mwingine. Mshahara ulikuwa umepunguzwa na bajeti. Tukafika 80,000, na 85,000 baada ya miezi mitatu ya majaribio. Nikamwomba, "Dada, hiyo ya miezi mitatu iingie kwenye barua yenyewe." Akanyamaza kidogo, akakubali.

Barua mpya imefika jana jioni, kipengele kipo. Naripoti Upper Hill Jumatatu.