Printa pekee imegoma, foleni imejaa: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina intaneti kafe ndogo Morogoro, na printa ni moja tu, ya leza. Jana watu tisa wako kwenye foleni na fomu za mkopo wa chuo, maandishi yakaanza kufutika kwa kidole kama masizi. Nikabadilisha tona, hali ileile. Binti mmoja aliondoka analia, ilikuwa siku yake ya mwisho kuwasilisha fomu. Roho iliniuma sana.

Jioni nilifungua nyuma: filamu ya fyuza imechanika pembeni, ndiyo maana tona haiyeyuki ikashika karatasi. Fundi anataka tubadilishe fyuza nzima. Je, nikiweka filamu mpya na grisi yake itadumu, au nitarudi palepale?