Mistari miwili kwa pauni 35, na mama bado yuko ghorofa ya tatu

Wanajamvi, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Tuko Uingereza, nyumba ya kaunsili, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Ngazi 46. Mama ana miaka 71, magoti yote mawili yamesagika. Kushuka hashuki kwa miguu tena. Anakunja khanga, anaikalia, anateremka ngazi moja moja, mkono kwenye chuma. Nilimwekea stuli ya plastiki kwenye kituo cha pili apate kupumzika. Wiki haikuisha wakaiondoa, eti imeziba njia ya kukimbilia moto ukizuka.

Tukaomba nyumba ya chini. Wakataka ushahidi wa afya. Kliniki wakanitoza pauni 35, nikangoja wiki tano, ikaja barua hii ya daktari: "Mgonjwa ana ugonjwa wa viungo na shinikizo la damu. Ananieleza kuwa anapata shida na ngazi. Nitashukuru mkimfikiria." Basi! Jana kaunsili wamejibu kwamba hakuna ushahidi wa kutosha, tubaki kwenye foleni ya kawaida. Daktari wa kaunsili aliyeamua hajawahi kumtia mama machoni!

Simba Mzee: Wapeleke mahakamani. Sheria ya Nyumba ya 1996 inawalazimisha kumpa mgonjwa nyumba ya chini.

Mkalimani wa Zamu: Pole sana dada. Simba, sheria hiyo inawataka wawape kipaumbele wanaohitaji kuhama kwa sababu za kiafya. Haisemi nyumba itapatikana, wala lini. Ila inampa haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Dada, tazama barua ya kaunsili, siku ya mwisho ya kuomba imeandikwa humo.

Nimewatafsiria watu wengi kwenye mambo haya. Soma barua yenu kama anayeamua. "Ananieleza" maana yake daktari hathibitishi kitu, anapeleka salamu. Ametaja maradhi mawili, nyumba hakuitaja kabisa. Shinikizo la damu halimsaidii mama hapo, maana wengi wanalo na wanapanda ngazi. Daktari wa kaunsili anasoma karatasi tu, na anachotafuta ni kimoja: nyumba hii inamzidishia nini mama, na akihama kitapungua nini. Hizo ngazi 46, hiyo khanga, yeye hajui. Umetuambia sisi!

Mama Wawili: Mimi mwenye nyumba wangu hapa Mombasa aliniambia kama ngazi zinanishinda nihame, na deposit hajanirudishia mpaka leo. Mwandikie barua ya wakili.

Mtoa mada: Mama Wawili, pole, lakini sisi mwenye nyumba ni serikali ya mtaa. Mkalimani, sasa kosa ni langu? Daktari anamjua mama miaka minane!

Mkalimani wa Zamu: Anajua magoti yake, hajui ngazi zenu. Na barua za nyumba hazimo katika kazi anayolipwa na NHS, huduma ya afya ya serikali, ndiyo maana wanatoza, na anaweza hata kukataa. Kwa hiyo mrahisishie. Andika nusu ukurasa: ngazi ngapi, anasimama baada ya ngazi ngapi, ameanguka lini, miadi gani ameikosa kwa kushindwa kushuka. Mwombe athibitishe yaliyomo kwenye faili, na aseme kama hali hii ni ya kudumu. Akikataa, omba nakala ya faili lenyewe, ni bure. Pia piga huduma za jamii, waombe OT, mtaalamu anayepima mtu anavyojimudu kwake, aje nyumbani, nayo ni bure. Huyo atamwona mama akipanda na kushuka kwa macho yake. Foleni ni ndefu, lakini ripoti yake huwa na uzito.

Mtoa mada: Mwezi wa tatu alianguka kituo cha kwanza. Alikataa kwenda hospitali, tukamkanda kwa maji moto.

Mkalimani wa Zamu: Basi kwa faili lao hakuanguka. Mpeleke akamweleze daktari mwenyewe, hata sasa. Na muulize mama, yuko tayari kwa jengo lenye lifti? Ukiomba ya chini peke yake, nyumba ni chache. Halafu si kila nyumba ya chini haina ngazi mlangoni, nimeona zenye nne.

Simba Mzee: Lifti ikiharibika je? Shangazi yangu alikaa ndani siku sita.

Mkalimani wa Zamu: Hapo sina jibu. Hutokea.

Mtoa mada: Nimemuuliza. Lifti hataki hata kuisikia, anataka mlango unaofunguka uani aanike mchele wake. Zimebaki siku tisa za kuomba wapitie upya. Kesho saa mbili asubuhi simu za kliniki zikifunguliwa nitakuwa wa kwanza. Sasa hivi niko kwenye ngazi na kalamu, mama anapanda. Amesimama ya kumi na moja.