Ofisi yetu Kigoma: wa mbele macho yanawauma, wa nyuma wako gizani. Tupangeje meza?

KaraniWaZiwani: Wakuu habari za saa hizi. Tumehamia ofisi mpya hapa Kigoma, mlimani, ziwa liko chini yetu upande wa magharibi. Chumba kina upana wa mita 6, na kutoka dirishani hadi ukuta wa nyuma ni mita 9. Madirisha yako ukuta mmoja tu, huo wa ziwani, na juu yanaishia mita 2.1 kutoka sakafuni. Meza tatu zimeelekea dirishani, tatu ziko nyuma kabisa. Ikifika saa 9 alasiri kompyuta zetu wa mbele zinaonekana nyeusi kwa ule mng'ao, tunafunga mapazia yote. Hapo wenzetu wa nyuma wanawasha tochi za simu wasome risiti. Kila siku ugomvi. Naombeni ushauri.

MzeeWaVioo: Bandikeni tinti nyeusi. Dukani kwangu nilibandika, jua halinisumbui tena.

FundiRamani: Mzee, tinti itawapunguzia mng'ao wa mbele, kweli, lakini wa nyuma itawamaliza kabisa, tena kutwa nzima, hata asubuhi ambapo hakuna jua upande huo.

Karani, hapo una matatizo mawili. La kwanza ni kina cha chumba. Mwanga wa dirisha la upande mmoja unafaa kwa kazi hadi kama mara mbili ya kimo cha juu ya dirisha. Kwenu ni mita 4 na kidogo. Meza iliyo mita 7 haitaokolewa na pazia lolote. Wengi hukimbilia kupanua dirisha, lakini upana hausogezi mwanga nyuma. Kinachousogeza ni kupandisha linta karibu na dari.

La pili ni mlivyokaa. Ukielekea dirisha, jicho linazoea ung'avu wa nje, kioo cha kompyuta kinabaki giza. Geuzeni meza ubavu, dirisha liwe kushoto au kulia kwa kila mtu. Acheni njia ya kama mita 1 dirishani, kisha pangeni safu mbili zisizovuka mita 4 na nusu. Kule nyuma wekeni makabati, printa na meza ya mikutano.

NyukiWaTabora: Mimi niko Tabora, dirisha liko mgongoni, nje mwembe mkubwa, kwa hiyo jua haliingii. Lakini kompyuta haisomeki hata nikiongeza mwanga wake hadi mwisho. Labda ninunue miwani?

FundiRamani: Dada, kabla ya miwani zima kompyuta, kaa kama kawaida, utazame kile kioo cheusi. Ukiliona dirisha mle ndani, tatizo ni dirisha. Zungusha meza kidogo kidogo hadi lipotee, ndipo uwashe.

MzeeWaVioo: Sasa jua lenyewe la jioni huyo wa Kigoma analizuiaje? Si angeongeza upenu tu?

FundiRamani: Upenu unazuia jua la juu. Kigoma iko magharibi mwa nchi, lakini saa ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linafika kileleni saa 7 mchana hivi. Saa 11 jioni bado liko kama nyuzi 30 juu ya upeo, na linapita chini ya upenu wa kawaida. Halafu ziwa linalirudisha kutoka chini, na huo mwanga upenu hauugusi kabisa. Kwa hiyo Karani, tenganisha pazia. Nusu ya chini iwe zito, uifunge alasiri kuzuia ziwa. Nusu ya juu iwe jeupe jepesi, mwanga upite kwenda nyuma.

KaraniWaZiwani: Asanteni sana. Jumamosi tuligeuza meza. Tano zimeenea, ya sita iko mita 5, huyo anawasha taa. Shida ni kwamba swichi moja inawasha chumba kizima.

FundiRamani: Mwambie fundi umeme azitenganishe kwa safu zinazofuata ukuta wa dirisha, ya nyuma iwe na swichi yake. Na ule ukuta wa nyuma una rangi gani?

KaraniWaZiwani: Kahawia. Mwenye nyumba amekubali tupake nyeupe, linta amekataa kuigusa. Pazia la chini limesaidia sana, nilikuwa sijui kama maji ndiyo yanayotuumiza. Ila kuanzia saa 10 na nusu jua lenyewe linapenya lile jepesi na kunipiga shavuni, nalazimika kufunga yote.

NyukiWaTabora: Mimi nimeliona dirisha kwenye kioo, hadi majani ya mwembe! Nageuza meza kesho.

FundiRamani: Karani, jaribu pazia la vibapa vya kusimama hapo juu, uvigeuze kuelekea upande ambao jua halipo, kaskazini au kusini kufuatana na msimu. Jua la dakika za mwisho kabla ya kutoka huenda mkalifungia tu pazia.