Kikundi chetu tunataka kusajili BRELA kuwa kampuni, anayetaka kutoka anarudishiwa michango yake?

Mzee_wa_Kibaha: Wakuu habari zenu. Tuko washkaji 11, tumechangishana tangu 2021, sasa tuna milioni 40 na tunataka kiwanja, ndo tukaambiwa tusajili kampuni. Ishu ni kwamba watatu wetu wametoa milioni 9 kila mmoja, sisi nane tuliobaki jumla yetu ni milioni 13. Kwenye kikundi kila mtu ana kura moja na ukitoka unarudishiwa chako ukiacha asilimia 10. Hii inaendelea?

Shangazi_Tabata: Sisi kwenye vikoba tunavunja kila Desemba tunagawana, hamna haja ya kampuni wala nini.

Mwarabu_wa_Tanga: Mkuu hapo rahisi tu, ukitaka kutoka unauza hisa zako kwa yeyote, kwani si mali yako.

Karani_Mstaafu: Mwarabu umepata nusu. Hisa ni mali yako kweli, lakini kampuni binafsi lazima katiba yake iweke mipaka kwenye kuhamisha hisa, na mara nyingi wakurugenzi wanaweza kumkataa mnunuzi. Mzee_wa_Kibaha, kwenye kampuni pesa uliyonunulia hisa inakuwa mtaji wa kampuni, huichomoi kama mchango, na gawio linatoka kwenye faida tu. Kura nazo, mkinyoosha mikono ni moja moja, ila wenye hisa nyingi wakidai zihesabiwe kwa hisa, wale watatu wana 27 kati ya 40, asilimia 67.5. Hapo wanachagua wakurugenzi peke yao nyie mkiwa mnatazama. Kubadili katiba ya kampuni inahitaji robo tatu, kwa hiyo hapo hawafiki bila nyie, mkiwa wote kitu kimoja.

Mzee_wa_Kibaha: Duh. Jamaa wa steshenari alishatutolea katiba, amebadilisha jina tu pale juu 😅

Karani_Mstaafu: Usisaini hiyo. Njia mojawapo, kila mtu achukue hisa sawa, tuseme za milioni 1, jumla 11, ile milioni 29 iliyobaki iandikwe mkopo wa wanachama kwa kampuni, kila mtu na kiasi chake, na tarehe ya kuanza kurudishwa. Kura zinakuwa sawa na wale wakubwa hawajapoteza pesa. Halafu andikeni anayetoka anawauzia kwanza wenzake, na bei inapangwaje, maana kiwanja kikipanda ndo ugomvi unapoanzia.

Neema_Mwz: Wakubwa watakubali lakini? Kwetu mmoja aligoma, akasema mkopo bila riba ni sawa na kuwafadhili wengine. Mpaka leo hatujasajili, kiwanja kiko kwa jina la mweka hazina na tunalala jicho moja.

Mzee_wa_Kibaha: Nimeikopi kwenye grupu letu. Watatu wote wamesoma, hamna aliyejibu.