Nilikubali "kusoma prufu", kumbe mswada unahitaji kujengwa upya. Nimtozeje?

Mwanamkasi
Habari za jioni wakuu. Mzee mmoja mstaafu kanipa mswada wa kumbukumbu za maisha yake: maneno 48,000, kurasa 110 za A4. Alisema "pitia tu makosa madogo madogo", nami nikaiita kusoma prufu. Tukapatana shilingi 1,000 kwa ukurasa. Nimeshatumia saa 12 na niko ukurasa wa 18. Sura ya 3 na ya 7 zinasimulia safari ileile. Kaka yake anazikwa sura ya 4, sura ya 6 yuko harusini. Mkewe ni Zuhura huku, Zuhra kule. Kwa mwendo huu napata kama 1,500 kwa saa. Kazi hii inaitwaje hasa, na nimwambieje mzee bila kumkosea adabu?

Kobe_Mpole
Dada, uhariri ni uhariri. Weka bei moja, 2,000 kwa ukurasa, mambo yaishe. Prufu ni kutafuta tahajia tu. Ila usihesabu kurasa za faili. Mimi nililetewa mswada wa herufi za saizi 9, mistari imebanana, kurasa 60, kumbe una maneno zaidi ya 40,000. Hesabu maneno.

MzeeWaMeza
Kuhusu maneno, Kobe yuko sahihi. Kuhusu bei moja, hapana.

Mwanamkasi, prufu husomwa kitabu kikishapangwa kurasa. Unatazama kama namba za yaliyomo zinalingana na kurasa zenyewe, kama mstari umeachwa peke yake juu ya ukurasa, kama neno limekatwa vibaya. Programu iliyoachwa kwenye Kiingereza inaweza kukata "nyumb-ani" badala ya "nyumba-ni". Mswada wako haujapangwa, kwa hiyo hakuna prufu ya kusoma.

Zuhura na Zuhra ni uhariri wa lugha: tahajia, upatanisho wa ngeli, alama, majina yasibadilike. Fungua karatasi pembeni, andika kila uamuzi na ukurasa wake. Marehemu aliyehudhuria harusi pengine ni matukio yaliyopangwa vibaya. Huo ni uhariri wa kina, nao hutangulia. Ukinyoosha sentensi za sura ya 7 leo, kesho mzee akaifuta, umefanya kazi ya bure.

Bei itokane na saa. Chukua maneno 2,500 ya katikati ya mswada. Mwanzo usiuamini, waandishi huung'arisha. Hariri huku unatazama saa. Ukurasa tuhesabu maneno 250, kwa hiyo hizo ni kurasa 10, na mswada mzima ni kurasa 192. Tuseme umetumia saa mbili na nusu, yaani kurasa 4 kwa saa. Mswada wote utakula saa 48. Ukitaka 8,000 kwa saa, ni 384,000, au shilingi 8 kwa neno. Prufu mimi huenda kurasa 10 kwa saa, ndiyo maana bei yake ni chini ya nusu.

Uhariri wa kina usiutoze kwa neno. Uza kwanza ripoti: unasoma mswada wote, unamwandikia kurasa chache kuonyesha panaporudiwa na panapopwaya. Kuandika upya ni kwake.

Msomi_wa_Usiku
Samahani kuingilia. Nina tasnifu ya umahiri, msimamizi kasema sura ya nne haieleweki, nitafute mhariri. Prufu ni bei gani?

MzeeWaMeza
Ndugu, sura isiyoeleweka haitibiwi na prufu. Na uchambuzi ni wako, mhariri akiuandika tasnifu si yako tena. Muulize msimamizi kwa maandishi mhariri anaruhusiwa kugusa nini. Kwangu huwa ni lugha na marejeo tu.

Mwanamkasi
Ahsante sana mzee wangu. Na yale mapatano ya 110,000?

MzeeWaMeza
Mrudishie kurasa 18 ulizofanya, masahihisho yaonekane kwa Track Changes. Mwambie: "Baba, kwa fedha tuliyopatana nitakuandikia ripoti. Lugha tutapatana ukishapanga sura." Kisha andika utakachofanya na usichofanya: "Nitasahihisha tahajia, sarufi na alama. Sitahamisha sura wala kuandika aya mpya. Nitapitia majibu yako mara moja." Prufu mtafutie mtu mwingine, macho yako yameshazoea.

Kobe_Mpole
Nakubali kuhusu ripoti. Ila shilingi kwa neno inatupunja. "Hatukumwambia" kwetu ni neno moja, Mwingereza anaandika manne au matano. Mimi nimeanza kutoza kwa herufi.

MzeeWaMeza
Hoja hiyo ina uzito. Lakini wateja wangu herufi hawazielewi, nikiwatajia wanadhani nawazungusha.

Mwanamkasi
Kesho asubuhi nampigia mzee. Nitaanza na ile harusi.